Kupanga madai ya hataza: dai huru, madai tegemezi na jina moja kwa kila kiungo

Fundi akieleza kitu alichokiunda, hukieleza kama anavyokishika: huanza popote, hurudi nyuma, hukumbuka jambo na kuliongeza. Mwanagenzi aliyesimama pembeni anaelewa vizuri tu. Shida huanza maelezo hayo yanapotakiwa kuwa madai, yaani ile sehemu ya ombi la hataza inayoweka mpaka wa anachomiliki mvumbuzi. Kurasa za maelezo na michoro zinaonyesha kitu kinavyofanya kazi. Lakini siku mtu mwingine akitengeneza kinachofanana, kinachosomwa neno kwa neno ni madai. Hapo neno lililobadilika bila sababu, au namba iliyoelekezwa pasipo, linaweza kuuachia uzio pengo.

Nimetunga mfano mmoja ambao tutakwenda nao mpaka mwisho. Tuseme fundi ameleta karatasi hii:

"Mashine yangu inakuna nazi bila mtu kukalia mbuzi. Ina fremu ya chuma na chuma kirefu kinachopita katikati, mbele kina kichwa cha meno. Ukizungusha mkono ulioko nyuma, kichwa kinazunguka, na wewe unashika kizio cha nazi unakisukuma kwenye meno. Tofauti na za kawaida, nimeweka pete kwenye ile fimbo. Kizio kikifika kinagota pale, kwa hiyo meno hayafiki kwenye ganda la kahawia na nazi inatoka nyeupe. Pete inasogezwa kwa sababu nazi hazilingani, unaikaza kwa skrubu. Kwenye ekseli kuna mistari ya kupimia. Pete haizunguki na mhimili kwa sababu ndani ina beringi. Chini kuna kibanio cha kushika meza, nacho kina skrubu. Ukitaka unaweza kuweka mota ya cherehani badala ya mkono. Miguu ni ya mninga."

Uvumbuzi wote umo humo. Kazi ya mpangaji ni kuupanga bila kuongeza kitu ambacho fundi hakusema, kwa sababu baada ya ombi kupokelewa hairuhusiwi kuingiza jambo jipya ambalo halikuwemo tangu mwanzo.

Daftari la majina

Kabla ya kuandika dai lolote, mimi huchora safu mbili: upande mmoja vitu vyenyewe, upande wa pili majina ambayo mwandishi ameyatumia. Kwenye karatasi hii, safu ya pili inatoa mambo mawili mara moja. Kitu kimoja kina majina manne: chuma kirefu, fimbo, ekseli, mhimili. Na jina moja, skrubu, linabeba vitu viwili: kuna skrubu inayoshughulika na pete na kuna skrubu ya kibanio.

Katika uandishi wa kawaida, kubadilisha maneno ni uzuri, na walimu wa insha walitufundisha tusirudierudie. Katika madai ni kinyume kabisa. Msomaji wa madai huchukulia kwamba maneno mawili tofauti yamewekwa kwa sababu, yaani ni vitu viwili. Dai moja likisema "mhimili" na jingine "ekseli", mshindani anaweza kuuliza ekseli ni ipi, na kama mashine yake haina vyote viwili atadai kwamba yuko nje ya mpaka. Kwa hiyo nachagua jina moja na kulifunga: mhimili. Fremu inakuwa kiunzi. Pete inakuwa pete ya kizuio. Kichwa kinakuwa kichwa cha kukuna. Skrubu mbili zinapewa majina kamili, skrubu ya pete na skrubu ya kibanio, hata kama kwa sasa hazikutani kwenye dai moja. Mwishoni utaona kwa nini nasisitiza hilo.

Majina hayahaya lazima yawe ndiyo yaliyomo kwenye kurasa za maelezo na kwenye michoro. Kanuni ya 6 ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ule uliotiwa saini Washington mwaka 1970, inataka madai yasimame kwa maneno yao yenyewe. Kuandika "kama ilivyoonyeshwa kwenye mchoro wa 2" hakuruhusiwi isipokuwa pale ambapo hakuna namna nyingine kabisa. Namba za michoro zinaweza kuwekwa ndani ya mabano baada ya jina, kwa mfano "mhimili (12)", na hizo humsaidia tu msomaji kuelewa.

Kipi kiingie dai la 1

Dai huru ni dai linalosimama peke yake. Dai tegemezi linarejelea dai lililotangulia, linabeba kila kitu kilichomo humo, kisha linaongeza sharti lake. Kuanzia hapo hesabu inakuwa rahisi: kila neno unaloongeza kwenye dai huru linapunguza eneo lako, kwa sababu mshindani anatakiwa awe na vyote vilivyoorodheshwa ndipo aseme amekugusa. Akikosa kimoja, amepita pembeni.

Basi nauliza swali moja kwa kila kitu kilicho kwenye daftari: kikiondolewa, je, tatizo ambalo fundi amelitatua linarudi? Tatizo lenyewe ni meno kufika kwenye ganda la kahawia. Miguu ya mninga ikiondolewa, hakuna kinachobadilika, kwa hiyo haina nafasi kwenye dai la 1, na kwa maoni yangu haina nafasi kwenye dai lolote. Kibanio kikiondolewa, mashine inaweza kushikwa kwa njia nyingine. Mistari ya kupimia ni msaada tu. Pete ya kizuio ikiondolewa, tumebaki na mashine ya kawaida ya kuzungusha, ambayo tayari ipo duniani. Pete ndiyo uvumbuzi. Kiunzi, mhimili na kichwa cha kukuna ni vya zamani, lakini pete haina pa kukaa bila hivyo, kwa hiyo vinaingia.

Mkono wa kuzungushia ndio mtego. Kwa haraka mtu angeuweka kwenye dai la 1, kwani fundi mwenyewe ameanza nao. Lakini amesema pia kwamba mota inaweza kukaa mahali pake. Dai la 1 likitaja mkono, mwenye mashine ya mota yuko huru siku hiyohiyo. Kwa kuwa karatasi ya fundi imetaja njia zote mbili, tuna haki ya kutumia jina pana linalozikusanya, "kizungushi", kisha mkono na mota kila moja ipate dai lake tegemezi. Angekuwa hakuitaja mota popote, jina pana lingekuwa na msingi dhaifu zaidi.

Kuna neno jingine dogo lenye uzito mkubwa, lile linalounganisha jina la kitu na orodha ya viungo vyake. Nikiandika "mashine yenye kiunzi, mhimili na pete", orodha iko wazi: mashine yenye hivyo pamoja na feni bado imo ndani ya mpaka. Nikiandika "mashine iliyoundwa kwa kiunzi, mhimili na pete pekee", nimefunga mlango, na mtu akiongeza kifuniko ametoka nje. Kwa vifaa vya namna hii mlango wazi ndio unaotakiwa. Ule uliofungwa hutumika zaidi kwenye mchanganyiko wa kemikali, ambako kiungo cha ziada kinaweza kubadilisha kila kitu.

Rejea katika lugha isiyo na kijineno cha rejea

Kiingereza kina vijineno viwili, kimoja cha kukitambulisha kitu kwa mara ya kwanza na kingine cha kukirejelea, na wakaguzi wa hataza huvifuata kama mbwa afuatavyo harufu. Hati inayofika ofisini kwetu, iwe Nairobi, Dar es Salaam au makao ya ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu, kule Harare, kwa kawaida huwa ya Kiingereza. Hata hivyo mimi hupanga madai kwa Kiswahili kwanza, mbele ya fundi, ili aweze kusema "hapana, siyo hivyo" kabla maneno hayajavuka kwenda lugha nyingine. Kwa hiyo lazima Kiswahili chenyewe kiwe na namna ya kusema "hiki ni kipya" na "hiki ni kilekile".

Namna hiyo tunayo. Ni vionyeshi vyenye o ya rejea: huo, hicho, hiyo, hayo, hizo. Hiki kiko karibu, kile kiko mbali, hicho ndicho tulichokwisha kukitaja. Kanuni yangu ni fupi: kitu kikitajwa mara ya kwanza kinakuja kitupu, na kila kinapotajwa tena kinakuja na jina lake kamili likiwa na kionyeshi cha o. Mhimili, kisha mhimili huo. Kichwa cha kukuna, kisha kichwa hicho cha kukuna. Wapo wanaopenda "kilichotajwa hapo juu", na si kosa, ila ni refu, na anayelitumia lazima alitumie tangu mwanzo hadi mwisho. Kuchanganya "kiunzi hicho", "kile kiunzi" na "kiunzi kilichotajwa" ndani ya hati moja kunazua maswali ya bure.

Jina lazima lirudiwe, kionyeshi peke yake hakitoshi. Ngeli hutusaidia sana katika maongezi kiasi kwamba tunasahau mpaka wake. Tazama vitu vya mashine hii: kiunzi, kichwa, kizungushi, kibanio, kizio. Vyote vitano ni vya ngeli ya KI-VI. Ukiandika "hicho kimefungwa kwenye mhimili", kipi? Mbele ya mashine ungenyoosha kidole, lakini kwenye karatasi kidole hakipo.

Pale ambapo ngeli zinatofautiana, upatanisho unatufanyia kazi ambayo lugha nyingine huiomba kwa koma. "Mhimili ulioshikwa na kiunzi wenye meno" maana yake mhimili ndio wenye meno. "Mhimili ulioshikwa na kiunzi chenye meno" maana yake meno ni ya kiunzi. Herufi chache, mashine mbili tofauti. Ndiyo maana nikimaliza kuandika napitia kila "-enye" na kila kirejeshi, nauliza kinapatana na nani. Sentensi ikivuka kwenda Kiingereza upatanisho huo unapotea, na mfasiri asiyeuona atamvisha kiunzi meno.

Kuna vitu ambavyo havihitaji kutambulishwa, navyo ni sehemu ambazo kitu hakiwezi kukosa. Pete yoyote ina uso wa nje, mhimili wowote una ncha na urefu, kizio chochote kina ukingo. Unaweza kusema "ncha moja ya mhimili huo" bila kwanza kutangaza kwamba mhimili una ncha.

Baada ya hayo, madai yanaandikika. Kila dai ni sentensi moja, hata likiwa refu, nayo inamalizika kwa nukta moja tu. Namba ni za kawaida na zinafuatana.

1. Mashine ya kukuna nazi, yenye: kiunzi, mhimili ulioshikwa na kiunzi hicho na unaoweza kuzunguka, kichwa cha kukuna chenye meno, kilichofungwa kwenye ncha moja ya mhimili huo, kizungushi kilichounganishwa na mhimili huo ili kuuzungusha, na pete ya kizuio iliyovishwa kwenye mhimili huo kati ya kiunzi hicho na kichwa hicho cha kukuna, iliyowekwa ili iguse ukingo wa kizio cha nazi na kuweka mpaka wa kina ambacho meno hayo hufikia ndani ya kizio hicho cha nazi.

2. Mashine ya kukuna nazi kulingana na dai la 1, ambapo pete hiyo ya kizuio inaweza kusogezwa kwenye urefu wa mhimili huo, na mashine hiyo ina pia skrubu ya pete inayozuia pete hiyo ya kizuio isisogee kwenye urefu huo.

3. Mashine ya kukuna nazi kulingana na dai la 2, ambapo mhimili huo una alama za kipimo zinazoonyesha mahali ilipo pete hiyo ya kizuio.

4. Mashine ya kukuna nazi kulingana na dai la 1, yenye pia beringi iliyo kati ya pete hiyo ya kizuio na mhimili huo, ili pete hiyo ya kizuio isizunguke pamoja na mhimili huo.

5. Mashine ya kukuna nazi kulingana na dai la 1, ambapo kizungushi hicho ni mkono wa kuzungushia.

6. Mashine ya kukuna nazi kulingana na dai la 1, ambapo kizungushi hicho ni mota ya umeme.

7. Mashine ya kukuna nazi kulingana na dai la 1, yenye pia kibanio kilichofungwa kwenye kiunzi hicho kwa ajili ya kushika meza.

8. Mashine ya kukuna nazi kulingana na dai la 7, ambapo kibanio hicho kina skrubu ya kibanio ya kukikaza kwenye meza hiyo.

9. Njia ya kukuna nazi kwa mashine ya kukuna nazi iliyo kulingana na dai la 1, yenye hatua za: kuzungusha mhimili huo kwa kizungushi hicho, kusukuma kizio hicho cha nazi kwenye kichwa hicho cha kukuna, na kuendelea kukisukuma mpaka ukingo wa kizio hicho cha nazi uguse pete hiyo ya kizuio.

Madai tegemezi yote yanaanza kwa maneno yaleyale, "Mashine ya kukuna nazi kulingana na dai la". Si "kifaa kulingana na", wala "mashine kama ya dai". Dai la 9 limelitaja dai la 1, lakini usilihesabu kuwa tegemezi wa kawaida: linadai njia wakati dai la 1 linadai kitu. Ni dai huru la aina nyingine lililotumia rejea ili kufupisha maneno.

Kutembea kwenye mnyororo

Sasa inakuja sehemu inayoangusha watu wengi, nami nimeangukia hapohapo. Kionyeshi cha o kinasema kitu kimeshatajwa. Lakini kimetajwa wapi? Kutajwa juu kwenye ukurasa hakutoshi. Lazima kiwe kimetajwa ndani ya mnyororo wa dai hilo, yaani kwenye dai linalorejelewa, au kwenye lile ambalo dai hilo nalo linarejelea, mpaka dai huru.

Mnyororo wa dai la 3 ni 3, 2, 1. Mnyororo wa dai la 8 ni 8, 7, 1. Tuseme fundi anataka kuongeza kwamba alama za kipimo zimechongwa, siyo za rangi. Mtu anaandika: "Mashine ya kukuna nazi kulingana na dai la 2, ambapo alama hizo za kipimo zimechongwa." Ukisoma ukurasa kutoka juu kushuka, unaona hakuna kasoro, alama zimetajwa mistari michache nyuma. Lakini mnyororo wa dai hilo ni 2 na 1, na humo hakuna alama yoyote. Zilizaliwa kwenye dai la 3. Rejea ilitakiwa iende huko.

Kukagua hili sisomi kutoka juu. Nashika dai moja, naandika mnyororo wake pembeni, halafu kwa kila "huo" na "hicho" natafuta mahali kitu hicho kilipotajwa kitupu ndani ya mnyororo huo tu. Kisha nafanya kinyume: natafuta kitu kilichotajwa kitupu mara mbili ndani ya mnyororo mmoja. Kama dai la 4 lingesema "beringi iliyo kati ya pete ya kizuio na mhimili huo", bila "hiyo", msomaji angeweza kuuliza kama mashine sasa ina pete mbili. Kwa sababu hiyohiyo dai la 9 linasema "kizio hicho cha nazi", maana kizio kilishaingia kupitia dai la 1.

Mnyororo unafichua pia migongano ya maana ambayo ukaguzi wa maneno hauioni. Fundi aliandika kwamba pete "unaikaza kwa skrubu". Rasimu ya kwanza ya dai la 2 ingekuwa kwa kawaida "skrubu inayokaza pete kwenye mhimili". Dai la 4 linasema pete haizunguki pamoja na mhimili. Yakiwa matawi mawili tofauti yanapita. Ila siku yakikutana kwenye mnyororo mmoja, pete iliyokazwa kwenye mhimili itatakiwa isizunguke nao, jambo lisilowezekana. Hapo unamrudia fundi na kumuuliza skrubu inashika nini hasa. Akijibu kwamba inashika duara la ndani la beringi, na kazi yake ni kuzuia pete isiteleze mbele na nyuma, unaandika hivyo: inazuia isisogee kwenye urefu. Sasa madai yote mawili yanaweza kuwa kweli kwenye mashine moja.

Ipo kasoro ya tatu, ya dai linalojiita tegemezi huku likifuta kitu. "Mashine kulingana na dai la 1, isiyo na kizungushi, ambapo mhimili huo huzungushwa kwa vidole." Dai la 1 lina kizungushi. Anayetengeneza mashine hii mpya hajagusa dai la 1, kwa hiyo dai hili haliwezi kulitegemea. Kipimo chake ni hichohicho kila mara: je, inawezekana kuligusa dai tegemezi bila kuligusa lile linalotegemewa? Ikiwezekana, si tegemezi.

Dai moja, rejea nyingi

Kibanio kinafaa mashine ya mkono na ya mota pia, yenye beringi na isiyo nayo. Basi inavutia kuandika dai la 7 hivi: "kulingana na dai lolote kati ya la 1 hadi la 6". Kanuni ya 6 inaruhusu, kwa masharti mawili. Rejea iwe ya kuchagua, yaani lolote kati ya hayo, siyo yote kwa pamoja. Na dai lenye rejea nyingi lisiwe msingi wa dai jingine lenye rejea nyingi. Dai la 8 likirejelea dai la 7 peke yake halina tatizo. Likisema "lolote kati ya la 1 hadi la 7" limevunja sharti la pili, na juu ya hapo "kibanio hicho" kinakuwa hakina mzazi katika njia sita kati ya saba.

Nchi hazifanani kwenye jambo hili. Ofisi ya Hataza ya Ulaya inaupokea mrundikano huo wa rejea nyingi juu ya rejea nyingi. Marekani na China hazikubali, na Japani iliacha kuukubali kuanzia Aprili 2022. Marekani kuna na hesabu ya ada: kila njia ya rejea huhesabiwa kama dai kamili. Kwa dai la 7 lililopanuliwa, hesabu yetu inakuwa hivi: madai ya 1 hadi 6 ni sita, la 7 linahesabiwa sita, la 8 linalolitegemea nalo sita, la 9 moja. Tisa yamekuwa kumi na tisa, na ada ya ziada huko huanza yakipita 20, au madai huru yakipita matatu. Kutumia rejea nyingi kwenyewe kuna ada yake pia. Ulaya huhesabu namba zenyewe, na ada ya madai huanza kwenye dai la 16. Kwa hiyo mimi huandika toleo la msingi kwa rejea moja moja, kisha naipanua kwa ofisi inayoruhusu. Kupanua mnyororo safi ni rahisi kuliko kuufumua uliosokotana.

Mkaguzi akijibu

Tuseme mkaguzi amepata hati ya zamani yenye mashine ya kuzungusha na pete isiyosogea. Dai la 1 limeanguka, lakini dai la 2, pete inayosogea pamoja na skrubu yake, limesimama. Ndiyo faida ya kuwa na ngazi. Tunachukua maneno ya dai la 2 na kuyaingiza kwenye dai la 1, kisha tunalifuta dai la 2.

Dai la 3 lililokuwa linaelekea la 2 sasa linatakiwa lielekee la 1, na hili husahaulika kuliko yote. Namba hutegemea ofisi. Marekani kila dai linabaki na namba yake ya awali muda wote wa uchunguzi, lililofutwa linaandikwa limefutwa, na mkaguzi hupanga namba upya hataza inapokubaliwa. Pale unapopanga upya mwenyewe, la 3 linakuwa la 2, la 7 linakuwa la 6, na rejea ya dai la 8 lazima ihame pamoja nalo. Usibadilishe namba kwa kutafuta na kubadilisha kwa mpigo mmoja kwenye kompyuta, maana "dai la 1" limo pia ndani ya "dai la 10" na "dai la 12". Mimi hubadilisha moja moja, kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, nikiweka alama kwenye orodha.

Lakini badiliko kubwa ni la urithi. Sasa kila dai lina skrubu ya pete, kwa sababu imehamia dai la 1 na wote wanalirithi. Dai la 4, lenye beringi, limekutana nayo. Limesalimika kwa sababu tulishasema skrubu inazuia kusogea, siyo kuzunguka. Na dai la 8 ambalo mnyororo wake ulikuwa 8, 7, 1, bila skrubu nyingine yoyote ndani yake, sasa lina skrubu mbili. Kama tungeacha zote ziitwe "skrubu", kama fundi alivyoandika, kosa lingelala kimya tangu siku ya kuwasilisha ombi na kuamka leo, kwenye barua ya majibu yenye tarehe ya mwisho, huku dai la 8 likizungumzia skrubu ambayo hakuna awezaye kusema ni ya pete au ya kibanio.